Jua Lilitangazwa, Tetemeko Halikutangazwa

Kiswahili kina neno moja, mnajimu, kwa watu wawili wasiofanana kazi. Wa kwanza hupima mwendo wa nyota na sayari. Wa pili husoma ndani ya nyota hizo kama utaoa, utasafiri au utafukuzwa kazi. Ukitaka kuwatenganisha utalazimika kusema "mwanafalaki" au "mtaalamu wa astronomia", maneno ambayo mitaa ya Bukoba haiyatumii kila siku. Nimelifikiria sana neno hilo tangu nilipoanza kuandika barua kwa mwanafalaki mmoja, kumuuliza kama sayari inayosemwa itaigonga Dunia mwaka huu ipo kweli.

Mimi huandika makala fupi za sayansi, na ndiyo sababu swali lenyewe lilinifikia. Mjomba wangu, mkulima wa kahawa wilayani Muleba, alipata kwenye simu ujumbe wa sauti uliokwisha kupita kwa watu wengi. Msemaji anadai kuwa wanasayansi wa NASA wanajua kuhusu sayari kubwa iitwayo Nibiru, kwamba imejificha nyuma ya Jua, na kwamba itafika kabla ya katikati ya mwaka. Wakati huohuo kuna mtu amemjia mjomba na fedha taslimu za butura. Butura, kwa asiyeijua Kagera, ni kuuza kahawa ingali mtini, miezi kadhaa kabla ya kuvunwa, kwa bei ya chini sana kuliko ya msimu. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini mwenye shida ya fedha ya haraka bado huiuza. Hesabu ya mjomba ilikuwa rahisi. Kama hakutakuwa na mavuno, hata fedha kidogo ya leo ni faida. "Wewe ndiye unayeandika mambo haya," aliniambia. "Muulize huyo mtaalamu wako, halafu uniambie."

Ningeweza kuandika mstari mmoja: Je, ni kweli? Najua pia jibu ambalo ningelipata, kwa sababu wanafalaki wamelitoa kwa miaka mingi. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata. Mjomba anamwamini mtu asiyemjua, anayesema wanasayansi wamesema sayari inakuja. Mimi nitampelekea kauli ya mtu mwingine asiyemjua, anayesema haiji. Nina haki gani ya kumtaka aache neno la mgeni mmoja ashike neno la mgeni mwingine? Nikimjibu kwamba wa kwangu ana shahada, nitakuwa nimemwambia achague mnajimu mwenye cheti kikubwa zaidi, na wa kwenye ujumbe wa sauti naye anadai vyeti.

Madai yenyewe yana umri. Mwaka 1976 mwandishi Zecharia Sitchin alichapisha kitabu kilichodai kuwa watu wa kale wa Mesopotamia waliijua sayari Nibiru, inayolizunguka Jua mara moja kila miaka 3,600. Hakusema inakuja kutuangamiza. Hilo lililetwa na mwanamke wa Marekani, Nancy Lieder, aliyeanza mwaka 1995 kueleza kuwa viumbe wa nyota nyingine wamempa habari za sayari itakayopita karibu na Dunia Mei 2003. Mei ikapita. Sayari ikahamishiwa 21 Desemba 2012, ikachanganywa na kalenda ya Wamaya. Baadaye ikahamishiwa 23 Septemba 2017, safari hii kwa hesabu zilizochotwa kwenye Kitabu cha Ufunuo. Barua za kuuliza zilikuwa nyingi mno. Mwanafalaki David Morrison wa NASA, aliyekuwa akijibu maswali ya umma, alipokea maelfu kuhusu Nibiru pekee, na alieleza hadharani kuwa baadhi yalitoka kwa vijana waliokuwa wakifikiria kujiua ili wasiuone mwisho huo.

Kuna sehemu ya historia hii inayomhusu moja kwa moja mtu wa kazi yangu, yaani anayemuuliza mwanafalaki kisha anawaandikia wengine. Mwaka 1983 satelaiti iitwayo IRAS ilipima anga kwa darubini inayohisi joto badala ya mwanga wa kawaida. Ilikuta vitu kadhaa ambavyo darubini nyingine hazikuvionyesha. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo Thomas O'Toole, mwandishi wa sayansi wa gazeti la Washington Post, aliwauliza wanasayansi wa mradi huo ni vitu gani. Gerry Neugebauer, mwanasayansi mkuu wa IRAS, alijibu kwa uaminifu kuwa hawajui. Makala ikatoka na uwezekano wote uliotajwa, ukiwemo kwamba mojawapo ni kitu kikubwa kama sayari ya Mshtarii, kilicho karibu kiasi cha kuwa sehemu ya jamii ya Jua letu.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa vitu hivyo vilikuwa mbali kupita kiasi, zaidi ya yote magalaksi yaliyofunikwa na vumbi, yanayotoa joto jingi na mwanga kidogo. Jibu hilo lilikuja polepole, kwenye majarida ya kitaaluma. Makala ya gazeti ilibaki ilivyokuwa, na mpaka leo wanaoeneza habari za Nibiru huitaja kama ushahidi kwamba NASA iliiona mwaka 1983 kisha ikaificha. Katika mlolongo huo simwoni aliyedanganya. Mwandishi aliuliza "inaweza kuwa nini?", na kwa mwanasayansi asiyejua, swali hilo hufungua kila mlango. Swali ambalo msomaji angelihitaji zaidi ni hili: kama kingekuwa karibu, tungetarajia kuona nini, na je, tunakiona?

Kwa hiyo barua yangu inaanza na swali hilo, na ninaweza kulifanyia kazi hata kabla haijajibiwa. Tuchukue dai la 23 Septemba 2017, kwa kuwa tarehe yake ilitajwa wazi. Kitu chochote kinachoanguka kuelekea Jua kutoka mbali sana huvutwa kwa nguvu inayojulikana, kwa hiyo mwendo wake unaweza kukokotolewa. Ukirudisha hesabu nyuma, kitu ambacho kingefika kwetu baada ya miaka kumi kingekuwa sasa kwenye umbali wa kama mara 26 ya ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua, yaani ndani ya njia ya Neptuni. Kikibakiza mwaka mmoja, kingekuwa kimeshafika kwenye umbali wa kama mara tano na nusu, karibu na ilipo njia ya Mshtarii.

Sasa linganisha na tunavyoviona vilivyo huko. Neptuni, yenye upana wa kama mara nne ya Dunia, huonekana kwa darubini ndogo ya mkononi ukijua pa kuielekeza. Mshtarii huonekana kwa macho matupu, tena huwa miongoni mwa vitu ving'aavyo zaidi usiku. Kama Nibiru ingekuwa kubwa kama Mshtarii, ingeng'aa hivyohivyo mwaka mzima kabla ya kufika. Hata ingekuwa ndogo kama Dunia yetu, kwa umbali huo ingekaribia mng'ao wa nyota zinazoonekana vizuri katika Kilimia, kile kikundi kidogo ambacho jina lake linatokana na kulima. Nayo isingetulia kama nyota. Sisi tunalizunguka Jua, kwa hiyo kitu kilicho karibu huonekana kuyumba mbele ya nyota za mbali kadiri miezi inavyokwenda, na kadiri kinavyosogea ndivyo kinavyoongezeka mng'ao. Watu wote duniani wenye darubini nyuma ya nyumba wangekiona, na hakuna ofisi inayoweza kuwafumba macho wote hao.

Ujumbe wa sauti unajua pingamizi hili, ndiyo maana unasema sayari imejificha nyuma ya Jua. Hapa Kilimia kinatusaidia tena. Mwezi Mei huwezi kukiona, kwa sababu Jua liko upande uleule wa anga. Kufikia mwishoni mwa Juni kinaonekana mashariki kabla ya mapambazuko. Nyota hazikusogea, sisi ndio tuliosogea. Kwa mwendo huohuo, kitu kilichofichwa na Jua leo kitafichuka baada ya wiki kadhaa, na baada ya miezi sita Jua litakuwa upande wa pili kabisa. Kinachotaka kubaki nyuma yake mwaka mzima lazima kizunguke sambamba na sisi, upande wa pili wa Jua, nacho kikifanya hivyo hakianguki kuja kutugonga. Maelezo mengine yanasema inaonekana kutoka kusini kabisa mwa dunia tu. Bukoba iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na mtu aliye karibu na ikweta hupitishiwa karibu anga lote, la kusini na la kaskazini, mwaka unapozunguka. Tungekuwa miongoni mwa wa kwanza kuiona.

Hadi hapa mjomba hahitaji kumwamini mtu yeyote kwa upofu. Anahitaji usiku usio na mawingu na uvumilivu wa miezi michache. Lakini nilipomweleza sehemu ya hoja hii kwa simu, aliniuliza swali ambalo sikulikuta katika makala yoyote ya kukanusha Nibiru. "Na lile tetemeko, hao wataalamu walilijua?"

Hawakulijua. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu wapatao 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Hakuna aliyetangaza siku moja kabla, wala saa moja kabla. Mtu aliyelala nje na watoto wake usiku ule ana sababu nzuri ya kutokubali haraka anapoambiwa "wataalamu wanasema hakuna hatari." Kumwita mjinga ni kukataa kusikia alichopitia.

Ila katika siku zilezile kulitokea jambo jingine. Siku tisa kabla ya tetemeko, tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipatwa, na mahali pazuri pa kuliona likibaki kama pete palikuwa Rujewa, mkoani Mbeya. Wanafalaki, akiwemo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, walikuwa wamewaambia Watanzania mapema siku, saa na mahali. Watu walisafiri kwenda Rujewa kwa sababu ya tangazo hilo, na Jua likapatwa kwa saa iliyotajwa. Ndani ya siku kumi, nchi ileile ilishuhudia wanasayansi wakitabiri jambo moja hadi dakika, na wakikosa kabisa kulitabiri jingine.

Nadhani hapa ndipo jibu la kweli kwa mjomba lilipo, na ndilo ninalotaka mwanafalaki anisaidie kuliweka sawa. Tetemeko lile lilianzia kama kilometa 40 chini ya ardhi. Huko miamba ilikuwa imebeba mkazo kwa muda mrefu, na hakuna chombo kinachofika kuupima au kuona ni ufa upi utaachia kwanza. Wanajiolojia wanaweza kusema kwamba Kagera iko katika ukanda wa Bonde la Ufa la Magharibi na kwamba itatetemeka tena. Siku hawawezi kuitaja. Anga ni kinyume chake. Kati yetu na sayari kuna uwazi unaopenyeka kwa macho, vitu vikubwa vilivyomo ni vichache, na kinachoviongoza zaidi ni nguvu moja iliyopimwa kwa karne nyingi. Mtu yuleyule mwaminifu anaweza kusema "sijui" kuhusu ardhi iliyo chini ya miguu yake na "najua" kuhusu sayari iliyo mbali mno. Umbali haukuamua kitu. Kilichoamua ni kama njia ya jambo inaonekana.

Na hata huko juu kuna mpaka, ambao barua inapaswa kuuliza bila kuogopa. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la angani lenye upana wa kama meta 20 lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo vilivyopasuka. Hakuna aliyeliona likija. Lilitoka upande wa Jua, na lilikuwa dogo mno kuonekana kwa mbali. Msambazaji wa ujumbe wa Nibiru angefurahia mfano huo, lakini hebu tuuangalie ukubwa. Jiwe la meta 20 linaweza kujificha kwa sababu haliakisi mwanga wa kutosha mpaka liwe karibu kabisa. Dunia ina upana wa zaidi ya kilometa 12,700. Kosa la Chelyabinsk linatuambia ni vitu vya ukubwa gani vinatuponyoka, na sayari haimo kabisa katika kundi hilo.

Mpaka mwingine ni wa mbali. Mwaka 2016 wanafalaki Konstantin Batygin na Mike Brown wa Marekani walipendekeza kwamba huenda kuna sayari ya tisa ambayo haijaonekana, kwa sababu mizunguko ya vitu fulani vilivyo nyuma ya Neptuni imeelemea upande mmoja. Ikiwa ipo, haiji kwetu. Mahali inapolikaribia Jua zaidi pangekuwa bado mbali sana kupita Neptuni. Nikimuuliza mwanafalaki "kuna sayari isiyojulikana?" atalazimika kusema "huenda", na "huenda" hiyo ikifika kwenye simu za Muleba peke yake itakuwa 1983 tena. Nikimuuliza "kuna sayari isiyojulikana inayoweza kufika hapa kabla ya mavuno?" atasema hapana, na zote mbili ni kweli. Mwenye kuuliza kwa niaba ya wengine anawajibika kwa umbo la swali kama daktari anavyowajibika kwa umbo la jibu.

Nimejiuliza pia kama wajibu huu si wa kupita kiasi kwa ujumbe ambao wengi huucheka. Lakini ng'ambo ya mpaka, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kikundi cha dini kilichofundisha kuwa dunia ingeisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi waliuza mali zao. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na miili mingine ikafukuliwa baadaye kwenye nyumba za kikundi hicho. Sisemi kwamba anayesambaza ujumbe wa sayari ni mwuaji. Nasema tu kwamba mtu aliyeaminishwa kuwa hakuna kesho anaweza kunyang'anywa chochote kwa bei yoyote, na mara nyingi huanza kwa kuuza kidogo, kama kahawa iliyo mtini.

Kwa hiyo hii ndiyo barua niliyoituma.

"Shikamoo, Mwalimu. Ninaandika kwa niaba ya mkulima wa Muleba aliyesikia kuwa sayari itaigonga Dunia kabla ya mavuno ya kahawa. Naomba unisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, kama dai hilo lingekuwa kweli, mtu wa Kagera asiye na darubini angepaswa kuona nini angani usiku wa leo, na upande gani? Pili, ni vitu vya ukubwa gani ambavyo ninyi wenyewe mnakubali vinaweza kuwaponyoka? Tatu, kwa nini mliweza kutuambia saa ya kupatwa kwa Jua mwaka 2016 na hakuna aliyeweza kutuambia siku ya tetemeko? Swali la tatu ndilo atakalolipima zaidi. Naomba usimjibu kwa vyeo. Mweleze atakavyogundua mwenyewe iwapo umekosea."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tofauti niliyoipata kati ya wanajimu wetu wawili. Mwenye ujumbe wa sauti hakumpa mjomba njia yoyote ya kumkamata akikosea. Tarehe ikipita, sayari itapewa nyingine, kama ilivyotokea 2003, 2012 na 2017. Mwanafalaki, nikimuuliza vizuri, anaweza kutaja nyota ambayo ikionekana mahali fulani usiku fulani yeye ndiye mwongo. Mjomba akikubali neno lake baada ya hapo, atakuwa amemwamini mtu aliyekubali kukaguliwa, kama anavyomwamini mpima mizani wa chama cha ushirika anayemruhusu kuweka jiwe lake mwenyewe kwenye mizani.

Jibu halijafika, na mwenye fedha za butura hasubiri. Nilichoweza kumwambia mjomba wakati huu hakihitaji falaki yoyote. Mtu yule anayeahidi fedha leo kwa kahawa ya Juni anatoa shilingi zake halisi kwa sababu ana hakika Juni itakuja, mibuni itaiva na bei itapanda. Mjomba alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama huyo mnunuzi naye amepata ule ujumbe.